Bakteria Anayetembea na Asiyetembea: Ushahidi wa Neli, Tone na Sahani

Bakteria wengi wanaokaa tumboni hufanana kwa sura. Salmonela, Shigela, Klebsiela na E. koli, wakipakwa rangi ya Gram na kutazamwa kwa hadubini, wote huonekana kama vijiti vifupi vya rangi ya waridi, na hakuna jicho, hata la mtaalamu mzoefu, linaloweza kuwatenga kwa kuwatazama tu. Tofauti hujitokeza wakiwa hai. Salmonela wa homa ya matumbo huogelea. Shigela, anayeleta kuhara damu, hawezi kuogelea hata kidogo. Klebsiela naye hukaa palepale alipowekwa, ilhali E. koli walio wengi hutembea. Ndiyo maana maabara ya hospitali, ikiotesha choo cha mgonjwa na kupata koloni linalotiliwa shaka, huuliza swali linaloonekana jepesi: je, huyu anatembea?

Kinachomwezesha bakteria kutembea ni nyuzi nyembamba ndefu ziitwazo flajela. Salmonela na E. koli wanazo kadhaa kuuzunguka mwili wote. Bakteria wa kipindupindu ana moja tu, kwenye ncha. Uzi huo haupigi huku na huku kama mkia wa samaki. Mwaka 1973 wanasayansi Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja kwamba flajela huzunguka, ikisukumwa na mota ndogo iliyopandikizwa kwenye ngozi ya bakteria, na tafiti zilizofuata zikathibitisha hivyo. Mota zikizunguka upande mmoja, nyuzi za E. koli hujikusanya kuwa fundo moja na kumsukuma mbele kwa takriban sekunde moja. Mota zikigeuza mzunguko, fundo hufumuka, bakteria hugaagaa kidogo, kisha hushika njia nyingine. Kwa namna hiyo huenda mikroni 20 hadi 30 kwa sekunde, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Angekwenda moja kwa moja angemaliza milimita nzima kwa muda usiofika dakika moja. Lakini kwa kuwa hubadili njia kila mara, safari ya milimita chache humchukua saa nyingi, na jambo hilo lina maana kubwa katika kipimo cha neli.

Agari ya kawaida, ile inayomiminwa kwenye sahani za maabara, huwa na gramu 15 hivi za unga wa agari kwa kila lita. Ikiganda, matundu yaliyomo ndani yake huwa madogo mno kwa bakteria kupenya, kwa hiyo kila mmoja huzaliana pale alipoangukia na kujenga koloni lake. Agari ikipunguzwa hadi gramu 4 kwa lita, hali hubadilika. Bado huganda, na neli ikiinamishwa taratibu haimwagiki, lakini hutikisika kama uji mzito ulioanza kupoa, na ndani yake mna vijia vya maji vyenye upana wa kumpitisha bakteria. Mwenye flajela hupita humo na kuhama. Asiye nazo hubaki kwenye njia ya sindano. Kipimo hiki kilielezwa na Tittsler na Sandholzer mwaka 1936, na mpaka leo hufanywa karibu vilevile.

Mchanganyiko wenyewe ni rahisi: gramu 3 za dondoo ya nyama ya ng'ombe, gramu 10 za peptoni, gramu 5 za chumvi na gramu 4 za agari katika lita moja ya maji yaliyokenekwa, pH ikiwekwa karibu 7.3. Huchemshwa mpaka agari iyeyuke kabisa, hugawanywa kwenye neli, husafishwa kwa otoklevu kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15, kisha neli huachwa zigande zikiwa wima. Maabara nyingi huongeza mililita 5 za mmumunyo wa asilimia moja wa chumvi ya tetrazoli, inayojulikana kwa herufi TTC. Chumvi hii haina rangi, lakini bakteria hai akiipokea huigeuza kuwa chembe nyekundu zisizoyeyuka, hivyo kila alipopita hubaki wekundu. Kwa macho yaliyochoka jioni, wekundu ni rahisi kusomeka kuliko ukungu mweupe. Hata hivyo TTC huwadumaza bakteria fulani, kwa hiyo neli ambayo haikuonyesha chochote inafaa irudiwe bila rangi kabla ya kuaminiwa.

Kazi yenye kuhitaji mkono mtulivu ni kudunga. Hutumika sindano iliyonyooka. Kitanzi cha waya hakifai kwa kazi hii, kwa sababu huchana agari na kuacha njia pana ambayo hata bakteria asiye na flajela anaweza kuijaza. Sindano huchomwa kwenye moto mpaka iwe nyekundu, huachwa ipoe, hugusishwa katikati ya koloni moja changa lililo peke yake, kisha hushushwa katikati ya neli hadi nusu au theluthi mbili ya kina cha agari. Hutolewa kwa njia ileile iliyoingilia. Sehemu ya chini isiyoguswa huachwa makusudi: ndiyo uwanja mtupu ambao bakteria anayetembea ataufikia mwenyewe, na ndiyo humsaidia msomaji kulinganisha.

Neli huwekwa kwenye kiatamizi kwa nyuzi 35 hadi 37 na kusomwa baada ya saa 18 hadi 24. Kusoma hufanywa kwa kuishika neli mbele ya mwanga, ubavuni mwake pakiwa na neli nyingine ya toleo lilelile ambayo haikudungwa. Hiyo ya pili haiachwi, kwa kuwa agari laini yenyewe si angavu kama maji, na asiye na cha kulinganishia huweza kudhani ameona ukungu ambao ulikuwapo tangu mwanzo. Bakteria asiyetembea huacha mstari mmoja mwembamba wenye kingo kali, na agari iliyouzunguka hubaki safi. Anayetembea huchafua agari: ukungu hutoka kwenye mstari na kufifia polepole kuelekea ukutani mwa neli, na kwa bakteria mwepesi kama Proteus neli yote huwa na ukungu kiasi kwamba mstari wenyewe hauonekani tena.

Kati ya hali hizo mbili zimo neli zenye utata, na humo ndimo makosa hutokea. Sindano iliyoyumba huacha njia pana, na bakteria wakiijaza, mstari hunenepa na kufanana na mwendo. Namna ya kutofautisha ni kutazama kingo na kutazama muda. Upana uliotokana na mkono uliotetereka una kingo zinazokatika ghafla, mara nyingi hufanana na bapa kwa upande mmoja na mstari kwa upande mwingine, na ukitazamwa tena baada ya saa 48 haujaongezeka. Ukungu wa mwendo hauna mpaka ulio wazi, umeenea pande zote kwa kadiri moja, na kesho yake umesonga mbele zaidi. Kwa sababu hiyo ni desturi njema kumchorea mgonjwa umbo la neli kwenye daftari siku ya kwanza, badala ya kutegemea kumbukumbu siku ya pili.

Sababu nyingine za kusoma vibaya zinatoka kwenye neli yenyewe. Agari iliyokaa sana kwenye jokofu hukauka na kuachana na kioo, na bakteria huteremka kwenye ufa huo. Ukuaji unaoonekana ukutani bila kupitia katikati hauhesabiwi kuwa mwendo. Neli iliyotikiswa wakati wa kubebwa huvunja agari. Bakteria wanaotoa gesi huipasua, na nyufa hizo hujaa ukuaji. Matone ya mvuke yaliyokusanyika juu ya agari huweza kutiririka kwenye njia ya sindano na kuwasambaza bakteria. Agari iliyopimwa kwa pungufu huwa nyepesi mno, na hapo kila bakteria ataonekana anatembea. Makosa haya yote hugunduliwa kwa njia moja ya uhakika: kila toleo jipya la neli lijaribiwe kwa bakteria wawili wanaojulikana, E. koli anayetembea na Klebsiela asiyetembea. Klebsiela akichafua agari, toleo hilo halifai.

Kipo pia kikwazo kisichotokana na uzembe wa mtu. Bakteria anayehitaji hewa nyingi hustawi juu tu, kwenye milimita chache za kwanza, na huenea pale huku sehemu ya chini ya mstari ikibaki karibu tupu. Msomaji anayetazama chini peke yake atamwita asiyetembea. Na tafiti za Berg na wenzake zimeonyesha jambo la kushangaza kuhusu E. koli: aliyepoteza uwezo wa kugaagaa, yaani anayeogelea mbele daima bila kubadili njia, haenei vizuri kwenye agari laini ingawa majini ni mwepesi sana. Huingia kwenye kijia kisicho na upenyo, na kwa kuwa hawezi kugeuka, hukwama humo. Kwa hiyo neli haipimi kuogelea peke yake. Hupima kuogelea, kugeuka na kuzaliana kwa pamoja, maana wingu linaloonekana ni la vizazi vingi vilivyokula chakula cha katikati na kufuata kilichobaki pembeni.

Jotoridi ndilo linalosahauliwa zaidi. Listeria, ambaye huwaathiri hasa wajawazito, watoto wachanga na wazee kupitia chakula, hutembea vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 25, lakini kwenye nyuzi 37 hutembea kwa shida au haendi kabisa. Neli yake ikiachwa kwenye joto la kawaida la chumba chenye ubaridi, huonyesha umbo linalotambulika haraka: mwavuli uliofunguka milimita 3 hadi 5 chini ya uso wa agari, kwa kuwa bakteria huyu hupendelea mahali penye hewa kidogo, si nyingi wala si tupu. Yersinia anayesababisha maumivu ya tumbo na kuhara ana tabia hiyohiyo: kwenye nyuzi 25 anatembea, kwenye 37 ametulia. Katika miji ya pwani, ambako joto la chumba wakati wa kaskazi huweza kupita nyuzi 30, maneno “joto la chumba” hayatoshi kuandikwa kwenye maelekezo ya maabara. Neli hizo zinahitaji kiatamizi chenye uwezo wa kupoza, au angalau kipimajoto kando yake na namba iliyoandikwa.

Neli ina subira ya siku nzima. Tone linaloning'inia hutoa jibu kwa dakika chache, na humwonyesha bakteria mwenyewe badala ya alama aliyoiacha. Huhitaji slaidi yenye kishimo katikati, kioo chembamba cha kufunikia, vaselini kidogo na bakteria wachanga waliooteshwa kwenye maji ya peptoni kwa saa 4 hadi 6. Uchanga huo si pambo. Otesho likikaa muda mrefu huishiwa chakula, hujaa asidi, na bakteria wake huacha kusogea hata kama wanazo flajela kamili.

Kioo cha kufunikia huwekwa mezani na kupakwa vaselini kidogo kwenye pembe zake nne, au kuzungushiwa mstari mwembamba. Tone dogo la otesho, dogo kiasi cha kutogusa kuta za kishimo, huwekwa katikati ya kioo. Slaidi hugeuzwa kichwa chini na kushushwa polepole mpaka kishimo kilizingire tone, kisha hubanwa kidogo vaselini ishike, na zote mbili hupinduliwa kwa mkupuo mmoja. Sasa tone linaning'inia ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, bila kugusa chini. Vaselini ina kazi mbili: inashikilia kioo, na inazuia tone lisikauke. Tone linalokauka hutengeneza mikondo inayowavuta bakteria wote pamoja, na mikondo hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha majibu ya uongo.

Hadubini huanza na lenzi ya mara 10. Kitu cha kutafuta kwanza si bakteria. Ni ukingo wa tone, unaoonekana kama mstari uliopinda. Ukingo huo huletwa katikati ya macho, kisha hubadilishwa lenzi ya mara 40, ambayo pamoja na ya machoni hukuza mara 400. Mwanga hupunguzwa sana kwa kufunga kiwambo kilicho chini ya meza ya hadubini. Anayeanza kazi hii hushawishika kuongeza mwanga pale asipoona kitu, na kwa kufanya hivyo huwafuta bakteria kabisa, maana hawana rangi na huonekana tu kwa kivuli chao hafifu. Lenzi ya mara 100 yenye mafuta haifai hapa. Hukaribia mno kioo na huweza kukivunja, na ndani ya tone mna bakteria hai wa ugonjwa. Kwa sababu hiyohiyo slaidi ikimaliza kazi hutumbukizwa moja kwa moja kwenye dawa ya kuua vijidudu.

Kinachoonekana kwenye ukingo wa tone kinahitaji kutenganishwa katika mambo matatu. La kwanza ni mtikisiko ambao mtaalamu wa mimea Robert Brown aliuchunguza mwaka 1827 kwa chembe zilizomo ndani ya mbelewele za maua: kila kitu kidogo kilichomo majini, kiwe hai au mfu, hutetemeka kwa kugongwa na molekuli za maji. Bakteria asiye na flajela hutetemeka hivyo bila kukoma, na anayemwona kwa mara ya kwanza huapa kwamba anatembea. La pili ni mkondo: bakteria wote wanaelea kuelekea upande mmoja kwa kasi moja. La tatu ndilo mwendo wa kweli, ambapo mmoja anakwenda kushoto huku jirani yake akienda kulia, wanapishana, wanageuka, na umbali kati yao unabadilika. Njia nzuri ya kuamua ni kuchagua bakteria wawili walio karibu na kuwafuata hao tu kwa muda wa pumzi chache. Wakitetemeka na kubaki majirani, hawatembei. Wakiachana kwa njia tofauti, kimoja kikivuka uwanja wa macho na kingine kikirudi, shauri limekwisha. Hata wachache wakienda hivyo inatosha, kwani si kila bakteria kwenye tone huwa na nguvu kwa wakati mmoja.

Panapobaki shaka, huandaliwa tone la pili ambalo limetiwa formalini kidogo ili kuwaua bakteria. Chochote kinachoendelea kusogea humo ni mtikisiko wa maji au mkondo, na mwendo uliotoweka ulikuwa wa bakteria wenyewe.

Kipimo cha tone kimepata jina zaidi katika kipindupindu, ugonjwa unaorudi mara kwa mara kwenye pwani ya Afrika Mashariki na kandokando ya maziwa makuu. Choo cha mgonjwa hutiwa kwenye maji ya peptoni yenye alkali, pH karibu 8.5, ambayo bakteria wa kipindupindu huyastahimili kuliko wengi wa tumboni. Baada ya saa 6 hadi 8 tone huchukuliwa juu kabisa ya maji hayo, kwa kuwa bakteria huyu hupenda hewa na hujikusanya huko. Mwendo wake ni wa kasi, wa kufyatuka na kukata kona, tofauti na E. koli anayezunguka kwa utulivu zaidi. Kisha huongezwa tone la kingamwili dhidi ya kundi O1. Bakteria wakisimama ghafla, na katika tone lisilo na kingamwili wakiendelea, dhana ya kipindupindu huwa na nguvu. Bado ni dhana, na sampuli huendelea kuoteshwa, lakini daktari na mganga mkuu wa wilaya wanakuwa wamepata taarifa siku hiyohiyo.

Namna neli na tone zinavyosaidiana huonekana vizuri katika kisa cha kawaida cha mtoto anayehara damu. Choo chake kimeoteshwa kwenye agari ya MacConkey, na asubuhi yake yameota makoloni yasiyo na rangi, ishara kwamba bakteria hajachachua sukari ya maziwa. Kwenye neli ya sukari tatu na chuma, uso umebaki mwekundu, chini pamekuwa njano, hakuna gesi wala weusi. Picha hii inamwelekea Shigela, lakini Salmonela wa homa ya matumbo naye huweza kuifanana, kwani weusi wake mara nyingi ni alama ndogo tu inayopita machoni. Neli ya agari laini iliyokaa kwenye nyuzi 37 inasomwa baada ya saa 24: mstari upo, lakini nusu yake ya juu ni mnene kuliko ya chini.

Msomaji wa haraka angeandika “anatembea” na kumwondoa Shigela kwenye orodha, na lingekuwa kosa lenye madhara. Hatua iliyo sahihi ni kuirudisha neli kwenye kiatamizi, kudunga nyingine kwa uangalifu zaidi, na kutia koloni hilohilo kwenye maji ya peptoni. Baada ya saa tano tone linatazamwa. Vijiti vinatetemeka kila kimoja mahali pake. Viwili vilivyochaguliwa vinabaki bega kwa bega. Tone la E. koli wa kulinganishia, lililoandaliwa kwenye hadubini ileile, limejaa pilika. Siku ya pili neli ya kwanza haijabadilika hata kidogo, kingo zake bado ni kali, na neli mpya ina mstari mwembamba mmoja. Unene wa kwanza ulitokana na sindano iliyoyumba ilipoingia. Bakteria hatembei, na sasa kuna sababu ya kumpeleka kwenye kingamwili za Shigela ili athibitishwe. Uthibitisho huo hauepukiki, kwa maana wapo E. koli wachache wasiochachua sukari ya maziwa, wasiotoa gesi na wasiotembea, ambao kwa vipimo hivi peke yake hawatengeki na Shigela.

Ushahidi wa tatu huja bila kuitwa, kwenye sahani ya agari ngumu. Proteus, ambaye huonekana mara kwa mara kwenye mkojo na vidonda, hufanya kile ambacho agari ya gramu 15 ilitarajiwa kukizuia: hutambaa juu ya uso wake. Akigusana na agari ya damu yenye unyevu, hubadilika kutoka kijiti cha mikroni 2 au 3 hadi uzi wa makumi ya mikroni, wenye maelfu ya flajela. Nyuzi hizi hujipanga ubavu kwa ubavu, hutoa utelezi, na kusonga mbele kwa makundi. Baada ya muda husimama, hujikata tena kuwa vijiti vifupi na kuzaliana palepale, kisha safari huanza upya. Kila kituo huacha duara lake, na sahani hujaa miduara ya mawimbi iliyozungukana, kutoka doa la kuotesha hadi ukingoni.

Kuenea huku kunasomeka, lakini si kila kuenea ni kwa Proteus. Sahani iliyomiminwa jana na kutumika kabla ya kukaushwa hubeba maji juu yake, na makoloni hufuata maji hayo. Mwenye kutofautisha hutazama mwelekeo: maji hukimbia upande mmoja, upande sahani ilikoinamishwa, na huacha ukuaji wenye umbo la mto usio na miduara. Proteus huenea pande zote na huwa na vituo. Mara nyingine utando wake ni mwembamba kiasi cha kutoonekana ukitazamwa kwa juu, lakini sahani ikiinamishwa mbele ya dirisha hung'aa. Utando huo hufunika makoloni mengine, kwa hiyo koloni lililochukuliwa chini yake haliwezi kudhaniwa kuwa safi. Huhamishiwa kwanza kwenye MacConkey, ambayo nyongo yake humzuia Proteus kutambaa, au kwenye agari yenye chumvi pungufu iitwayo CLED, inayotumika sana kwa mkojo kwa sababu hiyo.

Tabia hii ina manufaa pia. Aina mbili tofauti za Proteus zikioteshwa kwenye sahani moja, hutambaa mpaka zikaribiane, kisha huacha ufa kati yao usiovukwa na yeyote. Zikiwa ni aina moja, huungana bila alama. Jambo hilo lilielezwa na Louis Dienes katika miaka ya 1940, na hospitali isiyo na vifaa vya kusoma vinasaba huweza kulitumia kuchunguza kama Proteus wa wagonjwa wawili wa wodi moja huenda ametoka mahali pamoja. Kuungana hakuthibitishi kwamba ni mmoja. Ufa ulio wazi ndio wenye nguvu ya ushahidi, kwani huonyesha kwamba ni tofauti. Na katika kusoma sahani za dawa, utando mwembamba wa Proteus uliotambaa ndani ya duara la dawa hauhesabiwi. Kipimo huchukuliwa kwenye mpaka ulio wazi wa ukuaji mnene. Asiyejua kanuni hii huandika kwamba dawa imeshindwa, na mgonjwa hunyimwa tiba iliyokuwa ikimfaa.

Jibu la kipimo cha mwendo huandikwa kwa ukamilifu: njia iliyotumika, jotoridi na saa zilizopita, pamoja na matokeo ya bakteria wa kulinganishia. “Hatembei kwenye nyuzi 37, neli, saa 48, tone limethibitisha” ni jibu. “Hatembei” peke yake, bila jotoridi, haliwezi kumtenga Listeria wala Yersinia, na daktari analipokea ana haki ya kulirudisha maabara.